Chumba cha nyuma kilivyokuwa stoo ya marobota ya Gikomba

Chumba chetu cha nyuma hapa mtaa wa California, Nairobi, kilichojengwa tangu enzi za wazazi, kina urefu wa futi 12 na upana wa futi 10. Kina mlango wa chuma na dirisha dogo lenye nondo, lakini hakina maji wala choo. Mpangaji wa kulala ndani angelazimika kuingia kwetu kila mara, na mimi nilitaka pesa ya kila mwezi bila kugawana choo na mgeni. Nikaanza kuangalia upande wa soko la mitumba la Gikomba, maana kutoka kwetu ni mwendo mfupi wa mkokoteni kwa Barabara ya General Waruinge.

Mfanyabiashara wa mitumba karibu kila siku ana mzigo mwingi kuliko kibanda chake. Akipata marobota mazuri kwa bei nafuu huyanunua hata kama hayafungui wiki hiyo, na hapo swali ni ayalaze wapi. Kuyaacha sokoni anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Gikomba imeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Kwa hiyo wengi wanaona heri mzigo wa wiki ijayo ukae nje ya soko.

Lakini nilipowauliza wauzaji, hakuna aliyeanza na bei. Mama mmoja anayeuza makoti ya watoto aliniambia, "Dada, nafasi ziko. Shida ni kwamba naweka marobota kumi, nikirudi nakuta tisa, na kila mtu anaapa hajaona kitu." Nikaelewa kwamba stoo yangu itajaa au itabaki tupu kulingana na jinsi nitakavyoweza kujibu hilo la hesabu.

Nilikigawa chumba vizimba vinne kwa mbao na wayamesh. Katikati nikaacha njia ya futi tatu kutoka mlangoni hadi ukutani, ili hamali aweze kupita na robota la kilo 45 mgongoni bila kugonga mzigo wa mwingine. Kila upande ukabaki na vizimba viwili, kila kimoja futi 6 kwa futi 3 na nusu. Wayamesh una faida ambayo ukuta wa mbao hauna: hewa inapita, na kila mtu anaona mzigo wake akiwa amesimama njiani. Kizimba kimoja kinabeba marobota 12 hivi, manne chini na yakipandana mara tatu. Zaidi ya hapo sikubali, kwa sababu robota la juu likiteleza linaweza kumvunja mtu mguu.

Kufuli ndiyo siri ya mpango wote. Mlango wa nje una kufuli langu, na ufunguo wake uko kwangu peke yangu. Kila kizimba kina kufuli la mpangaji, na ufunguo wake uko kwake peke yake. Mimi siwezi kufikia mzigo wake, naye hawezi kuufikia bila mimi kujua. Tunafungua saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, kisha saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni. Saa nyingine mtu hupiga simu kwanza.

Halafu kuna daftari. Kila robota linaloingia au kutoka linaandikwa: tarehe, saa, idadi, aina ya nguo kama ilivyoandikwa kwenye robota, jina la aliyelibeba, na sahihi mbili, yangu na yake. Karatasi ya kwanza inachanika na kwenda na mpangaji, nakala ya kaboni inabaki. Daftari hili lilijilipa siku kijana mmoja anayeuza jinzi alipokuja kwa hasira akisema robota lake moja limepotea. Sikubishana naye. Nilimfungulia ukurasa wa Jumanne, na hapo palikuwa na sahihi ya binamu yake aliyemtuma mwenyewe, akiwa ametoa robota mbili badala ya moja. Akampigia simu palepale. Robota lilikuwa limepelekwa kwa mteja wa Machakos, na binamu alikuwa amesahau kumwambia. Tangu siku hiyo kila mpangaji anaandika kwenye mkataba majina ya watu wawili anaowaruhusu kutoa mzigo. Jina lisilokuwepo, hata awe ndugu wa tumbo moja, halitoi kitu.

Jambo lililonipa kazi kubwa ni unyevu. Robota limebanwa kwa mashine, kwa hiyo maji yakiingia hayatoki. Nguo zinaoza ndani na nje huoni chochote. Na mwenyewe hawezi kulifungua kukagua, maana robota likishafunguliwa haliuzwi tena kama robota. Ubaya unagunduliwa sokoni mbele ya wateja, na hapo lawama inamwangukia mwenye stoo hata kama mzigo ulilowa safarini.

Kabla ya kumpa mtu kizimba nilipima sakafu. Chukua kipande cha nailoni safi, kama nusu meta kila upande, ukibandike kwenye saruji kwa selotepu pande zote nne pasibaki pa kupumulia. Kiache siku nzima, usiku na mchana. Ukikibandua ukakuta matone chini yake, au saruji imegeuka rangi, basi maji yanapanda kutoka ardhini. Fanya hivyo wakati wa mvua, kati ya Machi na Mei au Oktoba na Desemba, kwa sababu sakafu ya Februari hukudanganya. Yangu ilitoa matone pembeni mwa ukuta wa nyuma tu, katikati ilikuwa kavu. Ukuta huohuo ulikuwa na unga mweupe wa chumvi chini, na rangi imevimba. Nilipotoka nje nikaona sababu: maji ya paa yalikuwa yanamwagika moja kwa moja kwenye msingi. Fundi akaweka mfereji wa bati na bomba la kupeleka maji kwenye mtaro. Baada ya ukuta kukauka nilirudia kipimo, na nailoni ikatoka kavu.

Hata hivyo hakuna robota linalogusa saruji. Chini kuna nailoni nzito, juu yake paleti za mbao, na kati ya mzigo na ukuta tunaacha upana wa kiganja ili hewa ipite. Mzigo ukifika naukagua kwa mkono upande wa chini na kwenye pembe, natafuta alama ya maji na kunusa kama kuna harufu ya kuvu. Ukiwa sawa naandika "kavu" daftarini na mwenyewe anatia sahihi. Robota lenye doa silipokei, kwa sababu litaambukiza mengine harufu na litaniletea kesi isiyokuwa yangu.

Chakula pia sipokei, hata gunia moja la maharagwe, kwani panya wakishazoea njia hawachagui tena kati ya chakula na nguo. Mitungi ya gesi, mafuta ya taa na petroli haviingii. Umeme wa chumba hicho nauzima kwenye swichi kuu kila tukifunga. Na mtu akiniletea simu au runinga bila risiti namrudisha nayo, kwa sababu kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamshika pia anayehifadhi mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kujua, ilikotoka.

Kabla ya mpangaji wa kwanza nilimlipa wakili aniandikie mkataba wa ukurasa mmoja, na nashauri mtu asiruke hatua hii. Kenya ina sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301. Duka, kwa sheria hiyo, ni jengo linalotumika hasa kwa biashara ya jumla au ya rejareja, au kwa kutoa huduma kwa malipo. Mpangaji wa duka ambaye hana mkataba wa maandishi analindwa, na hata mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano analindwa vilevile. Huwezi kumtoa wala kubadilisha masharti bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na akipinga mnakwenda mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Ndiyo maana mkataba wangu unasema huyu amepewa ruhusa ya kuhifadhi mzigo tu. Hakuna kufungua robota ndani, hakuna kuonyesha wateja, hakuna kuuza. Wakili alisema hata lile kufuli langu la nje lina maana hapo, kwa kuwa linaonyesha sijamkabidhi mtu chumba.

Kuhusu bei, natoza shilingi 3,500 kwa kizimba, na si kwa robota. Ukitoza kwa robota utashinda unahesabu, na mwezi ambao biashara iko chini wewe pia huna kitu. Vizimba vinne ni 14,000 kwa mwezi, hata kama kimoja kina marobota mawili tu. Malipo ni kwa M-Pesa kati ya tarehe moja na tano, na kila anayeingia anaweka amana ya mwezi mmoja. Watu wengi huniuliza juu ya ile kodi ya asilimia 7.5 ya KRA. Hiyo ni ya nyumba za kuishi. Pesa ya stoo naiandika kwenye ritani ya mwaka ya iTax kabla ya tarehe 30 Juni, na risiti za mfereji, mbao na wayamesh nimezitunza pamoja na daftari.

Mpangaji mmoja, muuza viatu, alinyamaza mwezi mzima na simu yake ikawa haipatikani. Marobota yake matano yalikuwa ndani. Jirani akanishauri nikate kufuli niyauze nijilipe. Sikufanya hivyo, kwa kuwa kukamata mali ya mtu kwa ajili ya kodi kuna utaratibu wake, na anayeruhusiwa kuifanya kazi hiyo ni dalali mwenye leseni. Nilipiga namba ya pili iliyo kwenye mkataba, ya dada yake. Kumbe kaka alikuwa amelazwa. Dada, ambaye jina lake lilikuwa miongoni mwa yale mawili, alikuja na ufunguo na kitambulisho, tukahesabu mzigo pamoja, amana ikalipa ule mwezi, akatia sahihi na mkokoteni ukaondoka. Wiki hiyohiyo kizimba kilichukuliwa na mama wa mapazia aliyekuwa amesubiri nafasi.