Pampu mbili, bomba moja: jinsi nilivyotafuta maji yanakoishia

Kijiji ninachokihudumia kama fundi wa maji kiko nyanda za juu za Iringa. Chini bondeni kuna chemba inayokusanya maji ya chemchemi, kando yake nyumba ya pampu, na juu kilimani tangi la kugawia. Kati yao limelala bomba la chuma la mabati la inchi 3, urefu wake kama meta 1,000. Pampu ni mbili za aina moja, kila moja na mota ya kilowati 4, zimefungwa sambamba kwenye bomba hilo. Kwa miaka yote ilikuwa inafanya kazi moja, nyingine ni ya akiba.

Kiangazi kilipokaza, kamati ya maji ikaamua ziwashwe zote mbili. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: pampu moja inajaza kiasi hiki kwa siku, basi mbili zitajaza mara mbili. Mzee mmoja wa kamati akaniambia, "Fundi, ng'ombe wawili hawavuti jembe sawa na mmoja." Nikamwomba, "Mzee, nipeni nafasi nipime kwanza, nitawaambia kitatoka kiasi gani kabla hatujawasha."

Pampu ya aina hii haina kiasi kimoja cha maji inachotoa. Kadiri inavyolazimika kuyasukuma juu zaidi ndivyo inavyotoa kidogo, na kadiri mzigo unavyopungua ndivyo inavyotoa zaidi. Urefu huo wa kusukuma mafundi tunauita hedi, nao hupimwa kwa meta. Karatasi iliyokuja na pampu ina mstari unaoonyesha jambo hilo. Wetu unaanza hedi ya meta 60 maji yakiwa yamefungwa kabisa, unashuka hadi meta 55 pampu ikitoa meta za ujazo 10 kwa saa, meta 48.75 ikitoa 15, na meta 40 ikitoa 20. Nilipochunguza namba hizo nikaona zinafuata fomula nyepesi, H ikiwa ni hedi kwa meta na Q ikiwa ni meta za ujazo kwa saa:

```
H = 60 - 0.05 × Q²
```

Huo ni upande wa pampu. Bomba nalo lina mstari wake, na huo haumo kwenye karatasi yoyote, ni lazima uutafute mwenyewe. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni kimo cha mlima, ambacho hakibadiliki hata maji yaende polepole namna gani. Ya pili ni msuguano ndani ya bomba, nao hukua kwa mraba wa mtiririko: ukiongeza maji mara mbili, msuguano unakuwa mara nne. Hapo ndipo hesabu ya ng'ombe inapovunjika.

Kimo nilikipata bila kupanda mlima. Kwenye bomba la pamoja, mbele ya valvu zinazozuia maji yasirudi nyuma, kuna geji ya presha. Pampu zikiwa zimezimwa na bomba limejaa, geji inabeba uzito wa maji yote hadi mdomo wa bomba pale juu. Ilisoma baa 2.9 na kitu. Baa moja ni karibu meta 10.2 za maji, kwa hiyo kimo ni meta 30. Njia hii inafaa kwetu kwa sababu mbili: bomba linamwaga maji juu ya tangi, si chini yake, kwa hiyo kimo hakibadiliki tangi linapojaa, na maji ya chemba yako karibu usawa wa pampu. Kama pampu yako inavuta maji kutoka chini, meta hizo za kuvuta uziongeze juu ya usomaji wa geji, la sivyo utaiona pampu ni dhaifu kuliko ilivyo.

Kisha nikawasha pampu moja na kuiacha itulie. Geji ikapanda hadi baa 4.4, yaani meta 45. Mtiririko niliupata kwenye tangi. Sakafu yake ni meta 5 kwa 4, eneo la meta za mraba 20. Nilifunga valvu ya kutolea, nikaweka fito yenye alama, nikasubiri nusu saa. Maji yalipanda sentimita 43 na kidogo, ambayo ni kama meta za ujazo 17.3 kwa saa. Tunayo mita ya maji pale chini, lakini tangi halidanganyi, na mita yetu ni ya zamani.

Sasa nilikuwa na kila kitu. Meta 45 za hedi ukitoa 30 za mlima zinabaki 15, na hizo ndizo zinazoliwa na msuguano maji yakienda 17.3 kwa saa. Gawa 15 kwa mraba wa 17.3, unapata 0.05. Mstari wa bomba ukawa:

```
H = 30 + 0.05 × Q²
```

Kipimo kimoja kizuri kinatosha kuuchora mstari wote. Niliuhakiki kwa hesabu ya vitabuni, nikitumia kipenyo cha ndani cha milimeta 80 na ukwaru wa kawaida wa bomba la mabati, ikanipa karibu jibu lile lile. Kama namba ya kipimo ingezidi sana ya kitabu, ningeshuku geti valvu iliyofunguliwa nusu au kutu iliyolibana bomba.

Nikachora mistari yote miwili kwenye karatasi moja ya grafu. Wa pampu unashuka, wa bomba unapanda, na inakutana kwenye 17.3 kwa 45. Pale ndipo pampu inapofanyia kazi, na haiwezi kukaa pengine. Ikitoa maji zaidi ya hapo, bomba lingedai hedi ambayo pampu haina. Ikitoa pungufu, pampu ingekuwa na nguvu ya ziada inayoyaharakisha maji mpaka yarudi pale pale.

Kwa pampu mbili sambamba, bomba halijui kwamba kuna mabadiliko, kwa hiyo mstari wake hauguswi. Mstari wa pampu ndio unaotanuliwa upande: kwa kila hedi, chukua mtiririko wa pampu moja, uzidishe kwa mbili. Kwenye meta 55 ambako moja inatoa 10, mbili zinatoa 20. Kwenye meta 40 ambako moja inatoa 20, mbili zinatoa 40. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kuitazama hiyo 17.3 na kuizidisha kwa mbili, kana kwamba hedi itabaki 45. Kwa 34.6 bomba letu lingedai hedi ya meta 90, na hakuna pampu yetu inayofika hata 61.

Mstari uliotanuliwa unakutana na wa bomba kwenye meta za ujazo 21.9 kwa saa, hedi ikiwa meta 54. Hiyo ndiyo namba niliyowaandikia kamati: pampu ya pili itaongeza kama 4.6 tu, robo na ushee. Ili kujua kila pampu inafanya nini, kutoka kwenye makutano hayo chora mstari mlalo kwenda kushoto hadi ukutane na mstari wa pampu moja. Unaangukia 11 hivi. Kila moja inatoa maji kidogo kuliko ilivyokuwa ikitoa peke yake, na inafanya kazi mbali na pale ambapo ufanisi wake ni mzuri.

Kabla ya kuwasha nilipima kila pampu ikiwa imefungiwa geti valvu ya kutolea, kwa muda mfupi tu maana maji yanayozunguka ndani huchemka. Moja ilisoma baa 5.9, nyingine 5.8. Kipimo hiki usikiruke hata kama pampu zina jina moja na namba moja. Hedi ya pamoja ilikuwa iwe meta 54, karibu baa 5.3. Kama impela, yaani gurudumu la ndani linalosukuma maji, ya mojawapo ingekuwa imelika hadi inashindwa kufika hapo, isingeweza hata kuisukuma wazi valvu yake. Ingezunguka, ingekula umeme, na isingetoa tone. Nilitazama pia shafti ya pampu iliyozimwa wakati mwenzake anafanya kazi. Ikizunguka kinyumenyume, valvu yake inavuja na maji yanarudi chemba.

Tulipoziwasha zote, geji ilisimama kwenye 5.3 na tangi likapanda sentimita 55 kwa nusu saa, yaani 22 kwa saa. Mwenyekiti aliisoma fito mwenyewe.

Umeme ndio uliowashtua zaidi. Pampu moja ilikuwa ikila uniti 4 za LUKU kwa saa. Mbili zilikula 7.4. Kiangazi kijiji kinahitaji kama meta za ujazo 220 kwa siku. Pampu mbili zinayafikisha kwa saa 10 na uniti 74. Pampu moja inayafikisha kwa saa 13 na uniti 52, na chemchemi haikupungukiwa tulipoongeza saa hizo. Hivyo jibu la haraka lilikuwa kumlipa mwendesha pampu saa tatu za ziada, na ile ya pili irudi kuwa akiba.

Lakini grafu ile ile ilionyesha mahali pa kuweka pesa. Bomba la plastiki la milimeta 125, lenye kipenyo cha ndani cha kama 110, lingeshusha ile 0.05 hadi karibu 0.0075. Kwa njia yote mpya, pampu moja peke yake ingetoa 22.8, zaidi ya mbili kwenye bomba la zamani. Na hapo ndipo pampu ya pili ingekuwa na maana, kwa sababu mbili zingetoa 38.7. Mlima ukiwa ndio mzigo mkubwa na msuguano mdogo, mstari wa bomba unalala na pampu sambamba zinalipa. Msuguano ukitawala, mstari unasimama, na unanunua presha badala ya maji.

Fedha zilitosha nusu ya njia. Kwa msuguano haijalishi ni nusu ipi, kwa hiyo tulichagua sehemu yenye udongo laini wa kuchimba, tukahakikisha tu kwamba bomba la daraja la baa 10 linabeba presha ya pale chini na mshtuko wa maji pampu zinapozimika ghafla. Kwa hesabu, pampu moja ilitakiwa kutoa 19.5 na mbili 27. Fito ilitupa 19 na ushee kwa moja. Amperi za mota nilizipima tena, maana pampu inayotoa maji zaidi kwa hedi ndogo hubeba mzigo zaidi, nazo zilibaki chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibati cha mota. Nusu iliyobaki iko kwenye bajeti ya mwaka ujao, na mpaka ilazwe, mbili zinawashwa pamoja siku za msiba, harusi na mnada tu.