Siku moja na mkaguzi wa chaja feki

Nikisema nakagua picha za chaja watu wanadhani nakaa tu kwenye simu. Haya, nifuateni siku moja.

Saa 2 asubuhi nafungua foleni ya picha za wauzaji kabla bidhaa hazijaruhusiwa kuuzwa mtandaoni. Hadi saa 5 nimeshapitisha nyingi, nimekataa kadhaa, hakuna la maana, chai imepoa.

Saa 5 na nusu ndo akaingia huyu kaka na chaja yake ya "20W original", plagi ya pini tatu, ile ya kiwango cha Uingereza cha BS 1363. Picha ya kwanza kaipiga ubavu, naomba ya uso kwa uso, analeta yenye filta, naomba tena, ananiambia "dada mbona unanisumbua, chaja inachaji". Kuchaji feki nayo inachaji bana!

Picha ikaja sawa saa 7 huko. Mimi sina rula kwenye picha ila pini ndo rula yangu, maana zile mbili za chini upana wake ni milimita 6.35, na kutoka ubavu wa pini mpaka ukingo wa plagi inatakiwa isipungue 9.5, yaani kama pini moja na nusu hivi. Yake ilikuwa pini moja tu, haifiki hata hiyo nusu. Ukiichomoa haraka kidole kinateleza kinakutana na chuma chenye umeme. Halafu zile pini mbili hazina hata ule mkanda mweusi wa plastiki shinani, ambao upo ili plagi ikitoka nusu usiguse chuma. Mkanda kauweka kwenye pini ndefu ya juu, ambako haitakiwi kabisa 😂

(Pini ya juu ikiwa plastiki tupu msiogope, chaja nyingi halali ziko hivyo, kazi yake hapo ni kufungua vile vizibo vya soketi.)

Nikamwonyesha na lebo. Usoni 20W, chini kwa maandishi madogo 5V 2A na 9V 1A. Zidisha volti kwa ampea mwenyewe, unapata wati 10 na 9. Hizo 20 zimetoka wapi? Kimya, halafu "kiwanda kilikosea kuchapa".

Mshono sikuuzungumzia sana, gundi ilikuwa inang'aa kwenye kona na pande mbili hazijalingana, ukucha unapita. Ila mshono mzuri pekee haunipi uhakika, ndani sioni, ndo maana mimi huwa nasema "sijaona kasoro", siandiki "original".

Nimekataa. Mchana sijui nilikula saa ngapi, macho yanauma, mgongo ndo usiseme.

Jioni nataka kufunga, inaingia akaunti mpya, jina jingine, chaja "orijino kabisa". Nakuza picha. Mkwaruzo uleule kwenye pini ya juu, na mkanda wake.