Asanteni kwa siku mliyotuongezea

Kwa ndugu zetu wa mapokezi, wa usafi na wa jikoni,

Tulipofika kumzika kaka yetu, tulikuwa tumechukua vyumba vinne na tarehe ya kuondoka ilishaandikwa. Jioni ya kuamkia mazishi tukaambiwa kibali cha kuzika hakijakamilika, kwa hiyo shughuli inasogezwa mbele siku moja. Nanyi kwa usiku huo wa nyongeza vyumba vyetu vilikuwa vimeshapangiwa wageni wengine.

Msimamizi wa zamu hakutujibu papo hapo. Alikaa na orodha ya wageni waliotarajiwa kesho yake, akatafuta ambao hawakuwa wameomba chumba maalumu, akawapangia vyumba vya ghorofa za juu. Hivyo mama akabaki palepale chini karibu na lifti, na dada zangu mlango wa pili. Mzee aliyefiwa na mwanawe ukimhamisha chumba usiku, anaamka asijue choo kiko wapi. Hilo mlilielewa bila kuelezwa.

Kisha kuna jambo la kadi za milango, ambalo wageni wengi hatulijui. Kadi huandikwa siku na saa ya mwisho, na kitasa husoma kilichomo kwenye kadi tu. Tarehe ikibadilishwa kwenye kompyuta, kadi ya zamani bado hufa saa ya kuondoka ikifika, na mgeni hukuta taa nyekundu mlangoni. Binti wa mapokezi alizikusanya kadi zetu zote asubuhi, akaziandika upya moja moja, na kila aliporudisha kadi alikwenda kuijaribu mlangoni kwanza. Saa sita mchana ilipita mama akiwa amelala, hakuna aliyemgongea.

Hesabu nayo mliigawa tangu mwanzo: vyumba kwa jina la kaka mkubwa, chakula na simu kila mtu kwa jina lake. Kwenye msiba fedha ndiyo huwagombanisha watu, tena mbele ya dirisha la malipo, wakati gari linasubiri. Sisi tulitia saini tukaondoka.

Siku ya kuzika tulitoka saa kumi na moja alfajiri, kabla jiko halijafunguliwa. Vifurushi vilikuwa tayari mezani tangu usiku, chai kwenye chupa, na kimoja kimeandikwa “bila sukari” kwa ajili ya mama. Nikajua habari zetu zilikuwa kwenye daftari la makabidhiano, kwa sababu zamu zilibadilika lakini hakuna hata mmoja aliyetuuliza kama tumekuja kupumzika. Kila aliyetukuta kwenye korido alitupa pole kwa sauti ya chini, akatupisha.

Mheshimiwa meneja, naomba barua hii isomwe pia kwa zamu ya usiku. Waliofunga vile vifurushi hatukuwaona, maana tuliporudi kutoka makaburini walikuwa wameshakwenda nyumbani.