Uji wa oti ulionishinda asubuhi tatu

Bibi yangu aling'olewa meno mawili, akaja kukaa kwangu Dar es Salaam wiki mbili ili asihangaike na safari za kurudi kwa daktari kutoka Tanga. Aliambiwa ale vitu laini na visiwe vya moto sana. Nikanunua pakiti ya oti nikajiona nimemaliza kazi. Ugali na wali nautengeneza bila wasiwasi, lakini uji sikuwahi kuupika tangu niondoke nyumbani.

Kwanza niseme jambo la jina. Wengi tunaita oti "shayiri", na madukani utasikia hivyohivyo, lakini shayiri yenyewe ni nafaka nyingine, punje zake ni ngumu na huchukua muda mrefu kuiva. Ninayozungumzia hapa ni ile iliyobanwa ikawa bapa kama magamba madogo. Ipo ya magamba makubwa, na ipo iliyokatwakatwa ndogondogo inayoiva haraka zaidi. Mimi nilinunua ya magamba makubwa.

Asubuhi ya kwanza niliipika kwa akili ya unga wa mahindi, yaani kukadiria kwa macho. Oti kikombe kimoja, maji kama kikombe kimoja na nusu, nikakoroga hadi nikaona umekuwa uji. Kwenye sufuria ulikuwa mzuri kabisa. Nikaupakua, nikaandaa meza, nikamsubiri bibi amalize kuswaki taratibu na jeraha lake. Alipokaa, kijiko kilisimama chenyewe kwenye bakuli.

"Shikamoo, bibi. Karibu uji."

"Marahaba. Huu ni uji au udongo wa kuzibia ufa, mjukuu wangu?"

Asubuhi ya pili nikajihami kwa maji mengi, vikombe sita, nikawasha moto mkali. Povu likapanda, likamwagika, likazima jiko la gesi. Kilichobaki kilikuwa maji ya rangi ya maziwa na magamba yanaogelea. Ya tatu nikatumia maziwa matupu na nikatia sukari tangu mwanzo. Chini pakashika, na harufu ya kuungua ikapanda hadi juu. Ukishafika hapo hakuna dawa, kwa sababu harufu ile huenea uji mzima.

Siku hiyo bibi alivuta kigoda akakaa mlangoni mwa jiko. Oti yeye hajawahi kupika, lakini uji anaujua. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Unaupima ukiwa motoni au ukiwa bakulini?" Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la siku ya kwanza. Oti huendelea kunywa maji hata baada ya kuepuliwa, na uji wake hukaza kadiri unavyopoa. Kwa hiyo ukionekana sawasawa ndani ya sufuria, mezani utakuwa mzito. Unatakiwa uepue ukiwa bado unaonekana mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka. Na kwa bibi, ambaye alikuwa lazima asubiri upoe, ilibidi uwe mwepesi zaidi.

Baada ya hapo nikaacha kukadiria. Nikachukua kikombe kimoja cha chai, na kikombe hichohicho ndicho nikapimia oti na maji. Ukubwa wake si neno, muhimu kisibadilike katikati. Kwa kikombe kimoja cha oti ya magamba makubwa, vikombe viwili vya maji vinatoa uji mzito wa kula kwa kijiko. Vitatu vinatoa uji laini, unaotiririka polepole kutoka kwenye kijiko. Vinne ni uji wa kunywa. Kikombe kimoja cha oti kinatosha watu wawili. Sasa hivi ninaanza na vitatu daima, kwa sababu kuufanya uji mzito kuwa mwepesi ni rahisi, lakini ukitia oti mbichi kwenye uji ulioiva utapata magamba yanayotafunika katikati ya ulaini. Ukiona umekuwa maji, funika tu usubiri dakika tano kabla ya kuongeza chochote. Mara nyingi hujirekebisha wenyewe.

Oti naiweka kwenye maji baridi, kisha ndiyo nawasha moto. Ukiitia kwenye maji yanayochemka huiva pia, ila magamba hubaki yamejitenga. Ikianza na maji baridi hutoa ule ute wake taratibu na uji unashikana. Moto wa wastani hadi uanze kuchemka, halafu naupunguza hadi vibubujiko vichache tu, dakika tano hadi saba, sufuria ikiwa wazi na ina nafasi ya povu. Nakoroga kila baada ya dakika moja hivi, mwiko ukifika chini kabisa. Kukoroga mfululizo hakusaidii, kunaufanya unate kama gundi. Gamba moja likibonyezwa kwa ulimi likavunjika bila kiini kigumu, umeiva. Nazima, nafunika dakika mbili.

Chumvi ndiyo niliyoidharau kuliko vyote. Uji mtamu, chumvi ya nini? Lakini uji wangu wa asubuhi ya pili, hata baada ya sukari vijiko vitatu, ulikuwa na ladha ya karatasi. Bibi alinitilia chumvi robo ya kijiko cha chai, bila kukijaza, kwenye kikombe kimoja cha oti, tangu maji yakiwa baridi. Huisikii kama chumvi. Unachosikia ni ladha ya oti yenyewe, na sukari inayohitajika inapungua. Ukiikumbuka mwishoni na kuinyunyiza juu, ulimi utaikuta chumvi upande mmoja na uji dufu upande wa pili. Ukijisahau ukaizidisha, ongeza maji na oti, kwani sukari haifichi chumvi, inaongeza vurugu.

Utamu unakuja baada ya moto kuzimwa. Sukari na maziwa vikikaa chini ya sufuria kwa muda ndivyo vinavyoungua, kwa hiyo nachemsha kwa maji na kumalizia kwa maziwa ya moto. Naanza na kijiko kimoja cha chai cha sukari kwa bakuli, naonja, kisha ndiyo naamua. Bibi alipendelea tende: tatu, zimetolewa kokwa na kukatwa vipande vidogo, naziingiza dakika tatu za mwisho hadi zilainike na kuyeyukia ndani. Tende ikiwemo, sukari siigusi kwanza. Akiwa na hamu ya kwao, namtilia tui zito la nazi baada ya kuepua na hiliki kidogo. Tui likichemka sana hukatika, ndiyo maana linasubiri mwisho.

Kuna siku oti iliisha nikajaribu semolina kwa vipimo vilevile. Ikawa donge moja. Semolina ni chengachenga za ngano na hunywa maji mengi zaidi: kikombe kimoja kwa vikombe sita. Inanyunyizwa kidogokidogo kwenye maji yanayochemka huku mkono mwingine unakoroga bila kupumzika, ama sivyo madonge.

Hadi wiki inaisha tulikuwa tunapika sufuria moja. Mimi napakua wangu kwanza ukiwa wa vikombe vitatu, kisha uliobaki nauongezea maziwa ya moto hadi uwe wa kunywa, naumimina kwenye kikombe cha bibi kisicho na mpini. Sufuria natia maji baridi hapohapo. Ukiiacha ikauke hata saa moja, utaikwangua mpaka adhuhuri.