Siku moja maishani mwangu: kutafuta pango chini ya nguzo

Saa 12:30 asubuhi. Niko kwenye shimo la msingi wa nguzo ya pembeni, mita 2 kwa 2. Limechimbwa hadi kwenye jiwe la matumbawe, na jiwe lenyewe linapendeza: jeupe, gumu, nyundo inalia juu yake. Mwenye nyumba angemwaga zege leo hii. Lakini jiwe hili ni chokaa, na maji ya mvua yenye uchachu kidogo huliyeyusha taratibu, hasa pale maji baridi yanapokutana na ya chumvi. Uso unaweza kuwa mzima na chini pakawa na pango.

Saa 1:15. Kompresa imewaka. Tunatoboa matundu 5, pembe nne na katikati, kila moja mita 4, yaani mara mbili ya upana wa msingi. Mimi nasikiliza mlio na kutazama vumbi. Vumbi likitoka jeupe mfululizo, kekee iko ndani ya jiwe. Likigeuka jekundu, pango limejaa udongo. Likikatika ghafla, hewa imepata njia nyingine.

Saa 2:40. Tundu la nne, mita 1.1 kwenda chini, vumbi linakatika na ufito unadondoka sentimita 70 kabla ya kugota tena. Fundi wa kekee, mzee ambaye ametoboa mawe tangu ujana wake, anazima mashine. "Injinia, hapa hakuna kitu."

Tunaongeza matundu, kila nusu mita, hadi tunajua mipaka: pango la kama mita 1.5 kwa 1, chini ya pembe moja ya msingi.

Saa 4:00. Maji yamekupwa, na leo ni bamvua. Nashusha futi yenye kitu kizito ndani ya tundu: maji yako mita 1.6 chini ya tako la shimo. Kitako cha pango kiko mita 1.8, kwa hiyo ndani mna sentimita 20 tu za maji.

Saa 5:30. Hesabu. Nguzo inabeba tani 60, yaani tani 15 kwa kila mita ya mraba chini ya msingi. Nikichukulia kwamba mzigo unatanuka nusu mita kila upande kwa kila mita ya kina, kwenye dari la pango zinabaki kama tani 6 kwa kila mita ya mraba. Namba inavutia, ila inadhani jiwe ni zima. Dari la matumbawe lina mianya mingi na mzigo wa nguzo ni wa miaka mingi. Silitegemei. Tunalijaza pango.

Saa 8:00 mchana. Nimepita kwa fundi nondo na nimesikitika kweli. Nondo za msingi wa nguzo inayofuata ameziinua kwa vipande vya matumbawe. Nimeokota kimoja, nikakitia kwenye maji na kukiinua: kinachuruzika kama sifongo. Kipande kama hicho ni njia ya moja kwa moja ya maji ya chumvi hadi kwenye chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo zege hupasuliwa kutoka ndani. Vyote vimetolewa, vimewekwa vibao vya zege vya milimita 75.

Hapo hapo kijana wa zege alikuwa akichota maji kwenye kisima cha kiwanja. Nikadondosha naitreti ya fedha kwenye glasi: maji yakawa meupe kama maziwa. Chumvi tele. Maji ya kuchanganyia yataletwa na gari.

Saa 10:00. Maji yamejaa. Napima tena tundu lile lile: sentimita 60 tu chini ya tako. Yamepanda mita 1 kwa saa 6, wakati ule ule bahari ilipokuwa ikijaa. Hilo linaniambia pango lina mlango wa kuelekea baharini, na uji mwepesi wa saruji tungeumwaga ukaondoka na maji.

Saa 11:15. Tumepanga na mzee. Kesho maji yatakupwa karibu saa 5 kasoro dakika 10. Tutapanua tundu moja lipitishe bomba hadi kitako cha pango, tumwage kwanza zege zito la kokoto ndogo lizibe mlango, halafu lile laini. Matundu mengine yataachwa wazi yatoe hewa; zege likichomoza kwenye kila moja, pango limejaa. Nimekadiria mita 1 ya ujazo. Zikipita 2 bila dalili, tunasimama, maana linakimbilia kwingine, na tunaliacha ligande kabla ya kuendelea.

Saa 12:10 jioni. Matundu yamefunikwa mbao, mchanga usije ukaingia usiku.