Nilivyopanga mitihani ya muhula nikiwa shifti ya usiku

Nasoma stashahada ya uhasibu masomo ya jioni, chuo kipo katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kazi naifanya kiwandani, kando ya Barabara ya Nyerere, kwenye mashine ya kufungasha. Shifti zetu ni tatu: saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana, saa nane hadi saa nne usiku, na saa nne usiku hadi alfajiri. Muhula uliopita wiki ya mitihani iliangukia zamu yangu ya usiku.

Wengi wakisikia hivyo wananipa pole kwa ajili ya mitihani ya jioni. Kumbe mitihani ya jioni ndiyo inayomfaa mtu wa usiku. Unatoka kazini alfajiri, unalala hadi mchana, unarudia daftari, saa kumi na moja na nusu unaingia chumba cha mtihani. Saa mbili na nusu umemaliza, na saa nne unaingia kazini. Anayebanwa na mtihani wa jioni ni yule wa shifti ya mchana, maana muda wote uko ndani ya kazi yake. Sisi wa usiku tunabanwa na mtihani wa asubuhi.

Na mtihani wa asubuhi haukosekani, hata kwa wanafunzi wa jioni. Rasimu ya ratiba ilipobandikwa nilikuta Uhasibu wa Gharama Jumatatu jioni, Kodi Ijumaa jioni, lakini Takwimu za Biashara Jumatano saa tatu asubuhi. Somo hilo tunalisoma pamoja na wanafunzi wa mchana, karatasi ni moja, na karatasi moja haiwezi kufanywa asubuhi na wengine jioni, kwa sababu hadi jioni maswali yatakuwa yameshasambaa kwenye simu. Kiongozi wa darasa letu alikwenda ofisi ya mitihani kabla siku za kuleta malalamiko hazijafungwa, akaomba wote tufanye jioni. Walimsikiliza vizuri, ila kumbi za Jumatano jioni zilikuwa zimeshachukuliwa na masomo mengine. Kwa hiyo asubuhi ikabaki asubuhi.

Hapo ndipo nilipogeukia kazini. Kitu cha kwanza kukijua ni kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina likizo ya mitihani. Ina siku 28 za likizo ya mwaka, ina ya ugonjwa, ya uzazi, na siku 4 za kufiwa au kuuguliwa na mtoto. Mtihani haumo. Ukienda kwa afisa utumishi kudai haki, mazungumzo yanaishia mlangoni. Unakwenda kuomba, na ombi lenye nguvu ni lile ambalo halimwachii supavaiza pengo kwenye mashine.

Nilihitaji usiku mmoja tu, wa Jumanne. Nilidhani kazi ingekuwa kumpata mtu yeyote wa kunishikia, lakini supavaiza wetu, mama mmoja anayeijua sheria kuliko wengi wenye ofisi, alinieleza kwa nini haiwi hivyo. Akimchukua mtu wa shifti ya mchana aendelee hadi alfajiri, huyo atakuwa amefanya kazi saa 16, na sheria inakomea saa 12 kwa siku, hata ukijumlisha ovataimu. Akimchukua wa asubuhi aliyetoka saa nane mchana, hadi saa nne usiku atakuwa amepumzika saa 8, wakati mapumziko kati ya kazi na kazi ni saa 12 mfululizo. Na akiumia kwenye mashine, swali la kwanza litakuwa ni nani aliyempanga.

"Kwa hiyo, mwanangu, mtu wako atoke humuhumu usiku," akaniambia. "Tafuta mwenye ofu Jumanne."

Ofu yangu ilikuwa Alhamisi. Nikampata dada wa mashine ya pili ambaye ofu yake ni Jumanne, tukakubaliana: yeye aingie Jumanne, mimi niingie Alhamisi. Wote ni wa usiku, hakuna aliyezidisha saa, na kila mmoja alibaki na mapumziko yake ndani ya wiki ileile. Hilo la wiki ileile mama alilisisitiza sana. Hakutaka ofu ya kudaiana hadi mwezi ujao, kwa sababu madeni ya namna hiyo huishia kwenye ugomvi. Faida nyingine ni kwamba hatukuguswa kwenye nyongeza ya asilimia 5 ya saa za usiku, ambayo sehemu kubwa ningeikosa kama ningehamishiwa mchana wiki nzima.

Barua niliiandika kwa uangalifu, hasa kwenye tarehe. Zamu ya usiku huandikwa kwa tarehe inapoanza. Mwenzangu mmoja wa mwaka wa pili aliwahi kuomba ruhusa ya "tarehe ya mtihani", akapewa usiku wa tarehe hiyo, yaani zamu inayoanza wakati mtihani umeshaisha. Usiku wa kabla yake alikesha kwenye mashine, akaenda chuoni moja kwa moja. Inaniuma kila nikikumbuka, kwa sababu ruhusa alipewa na haikumsaidia chochote. Mimi niliandika hivi: "Naomba kubadilishana siku ya mapumziko, nisiingie zamu ya saa nne usiku Jumanne tarehe 11 kuamkia Jumatano tarehe 12. Mtihani ni tarehe 12 saa tatu asubuhi." Chini tukasaini mimi, yule dada na supavaiza. Nyuma nikabandika ratiba ya mwisho, si rasimu, pamoja na barua ya chuo yenye mhuri na namba yangu ya usajili. Barua hiyo chuoni kwetu haitoki kama ada ya muhula haijakamilika, kwa hiyo anayeitegemea aanze na ada.

Jumatano nilifanya Takwimu nikiwa nimelala usiku kucha kama watu wengine. Iliyonitoa jasho ni Ijumaa. Kutoka mjini hadi kiwandani ndani ya saa moja na nusu inawezekana, ila foleni ya kuelekea Tazara haiaminiki. Overoli na viatu niliviacha kwenye kabati la kazini tangu alfajiri, na kijana wa shifti ya mchana alikubali kunibakia nusu saa ikibidi, supavaiza akijua. Saa zake zilikuwa zinaruhusu.

Kama usiku ule usingepatikana kabisa, njia iliyobaki ilikuwa kuahirisha. Chuoni kwetu unaandika ombi kabla ya mtihani, unaambatanisha barua ya mwajiri inayosema huwezi kuachiwa, kisha unafanya mtihani maalumu wakati wenzako waliofeli wanafanya sapu, yaani mtihani wa kurudia. Mtihani maalumu unahesabiwa kama mara ya kwanza na unapata alama zako zote, wakati sapu ina kikomo cha alama hata ukipata mia. Ila ombi likifika baada ya mtihani kupita, unaandikwa hukuhudhuria, na barua ya mwajiri haibadilishi kitu. Ndiyo maana nilimwomba afisa utumishi anijibu kwa maandishi kufikia Ijumaa ya wiki iliyotangulia, ili kama jibu ni hapana, Jumatatu asubuhi nikitoka shifti nipitie ofisi ya mitihani na barua mkononi.