Nilivyoipa diskasheni saa moja na nusu tu kwa wiki, na swali la vifuniko vilivyokuwa kwenye kavera

Mwaka niliorudia hesabu ya siniya siksi sikuwa shuleni, nilikuwa nyumbani Busia, huku upande wetu wa Uganda, nimejiandikisha kama mtahiniwa binafsi. Asubuhi nakaa dukani kwa mama, jioni niko huru kidogo, na nikipiga hesabu vizuri nilikuwa na masaa kama 12 ya kusoma kwa wiki, si zaidi. Hapo kulikuwa na karatasi mbili za mtihani, P425/1 na P425/2, kila moja masaa matatu, maswali 8 ya sekshen A ulikuwa unafanya yote halafu 5 kati ya 8 ya sekshen B. Kwa hiyo saa moja ikipotea naisikia mwilini, na ndiyo maana nataka kueleza hii kitu ya diskasheni, kujadili maswali kwa grupu, juu nilikaribia kuiacha kabisa na ingekuwa makosa.

Mwanzo tulikuwa watu saba, tunakutana Jumamosi kwa nyumba ya mwenzetu mmoja karibu na soko, tunaanza saa nane mchana, tunamaliza jua likikaribia kuzama. Tulikuwa tunasema tu "leo tunafanya mechaniks", basi. Kulikuwa na kaka mmoja anajua sana, yeye anashika chaki anafanya swali mpaka mwisho, sisi tunakopi, tunasema eeh, imeingia. Kufika saa kumi mtu anaenda kuleta rolekisi, ile chapati ya mayai, mwingine anafungua habari za Arsenal, na ukirudi kwenye ubao hujui mlikuwa wapi.

Nilikuja kujua haifanyi kazi siku moja ya Jumatano usiku, nilichukua yale maswali sita tuliyofanya Jumamosi nikafunika majibu, nikaanza kuyafanya mwenyewe. Nilimaliza moja. Moja kati ya sita, na zile hatua zote zilikuwa kwenye daftari langu kwa mkono wangu mwenyewe! Niliumia sana, masaa manne yalikuwa yameenda, theluthi ya wiki yangu nzima.

Sikutoka kwenye grupu siku hiyo. Nilikaa na daftari la makosa nikajiuliza kila swali nililokosa nililikosea nini hasa, na nikaona makosa yangu ni ya aina tatu. Kuna ile ya kutosoma, yaani sijui fomula au sijui maana ya neno. Kuna ile ya haraka, nimeandika 7 mahali pa 1 au nimesahau alama ya kutoa. Halafu kuna ile ambayo nimesoma, fomula naijua, nimekaa na swali dakika 25 na bado jibu langu linagongana na la kitabu na siwezi kusema kwa nini. Nikaanza kuweka herufi pembeni, S, H, na K ya kukwama. Ile S inaponywa na kukaa na kitabu peke yako, hakuna mtu atakukaririsha fomula kwa kuongea. Ile H inaponywa na kufanya maswali mengi ukiangalia saa. Ni K peke yake inayotaka mtu mwingine, juu hapo shida iko ndani ya kichwa chako na wewe huioni, lazima mtu akusikie ukieleza ndio akuambie hapo, hapo ndio umepotea.

Basi mpango wangu ukawa rahisi. Jumatatu mpaka Alhamisi nasoma peke yangu. Alhamisi usiku nahesabu K zangu za wiki hiyo, nikiwa nazo mbili au zaidi Jumamosi naenda, nikiwa na moja namtumia mwenzangu kwa simu, nikiwa sina, siendi, nabaki nyumbani na pasti pepa. Wengine walikasirika mwanzoni, dada mmoja akaniuliza, "Wewe siku hizi unatukimbia?" Nikamwambia hapana dada, nakuja nikiwa na kitu cha kuleta. Yeye ndiye wa kwanza kufanya vilevile.

Tulibaki wanne. Watatu walitaka kukaa kwenye ule utaratibu wa zamani na hatukugombana, walipanga siku yao. Wanne kwangu ni idadi nzuri, kila mtu anaweza kuongea na hakuna wa kujificha nyuma.

Sasa nieleze swali moja jinsi lilivyoenda, maana ukilielewa hili umeelewa utaratibu wote. Lilikuwa langu, la probabiliti. Kwenye kavera, mfuko wa plastiki, kuna vifuniko vya soda 8, vyekundu 5 na bluu 3. Unatoa kimoja, hurudishi, unatoa cha pili. Cha pili ni chekundu. Je, probabiliti ya cha kwanza kuwa chekundu ni ngapi? Mimi nilikuwa nimeandika 5/8 na kitabu kinasema 4/7, nikakaa nalo zile dakika 25 na sikuona kosa. Alhamisi nikapiga picha ya swali na ya kazi yangu yenye kosa nikatuma kwenye Watsapu yetu. Hii ilikuwa sheria ya kwanza: swali bila jaribio lako haliingii, na mwisho ni Alhamisi saa tatu usiku, ili wengine wapate Ijumaa ya kulijaribu.

Jumamosi kabla mtu hajafungua mdomo kila mmoja aliandika jibu lake kwenye kipande cha karatasi na sababu moja, dakika tano kimya kabisa. Baadaye nilisoma kwamba Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, amekuwa akifanya hivi darasani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanafunzi anajibu peke yake kwanza, anajadili na jirani, halafu anajibu tena. Sisi tulianza tu kwa sababu tulichoka kumfuata yule kaka anayejua, maana akishasema jibu wote tunakubali. Tulipofunua karatasi wawili tulikuwa na 5/8, mmoja 4/7, mmoja 20/56. Hapo ndio diskasheni inakuwa tamu, juu kuna kitu halisi cha kubishania.

Sheria ya pili, aliyeleta swali ndiye anashika chaki, anayejua haruhusiwi kuigusa, anauliza tu. Mimi nikasimama nikasema cha pili kinatoka baada ya cha kwanza, kitaathirije kitu ambacho tayari kimeshatoka? Kaka akaniuliza, "Tunaongea kuhusu kifuniko kubadilika rangi au kuhusu wewe unajua nini?" Nilinyamaza. Dada akasema tuhesabu tu. Njia za kutoa viwili kwa mpangilio ni 8 × 7, yaani 56. Zile ambazo cha pili ni chekundu ni 5 × 7, ni 35. Zile ambazo vyote viwili ni vyekundu ni 5 × 4, ni 20. Ukishaambiwa cha pili ni chekundu zile 21 nyingine zimekufa, uko ndani ya 35 tu, kwa hiyo ni 20/35, ambayo ni 4/7. Aliyeandika 20/56 akaona kosa lake hapohapo, alikuwa amegawa kwa zote wakati ameshapewa habari. Na mimi nikaona langu: nilidhani "ikiwa" maana yake ni kitu kimoja kusababisha kingine, kumbe ni kupunguza idadi ya njia unazohesabu. Tukachukua vifuniko kweli, tukatenga kimoja chekundu kuwa ndicho cha pili, vikabaki 7, vyekundu 4. Imeonekana kwa macho.

Ilichukua dakika 22. Kila swali tulilipa 25, maswali matatu, na dakika zilizobaki ni za kuanza na kumaliza, jumla saa moja na nusu. Dakika 25 zikiisha na sote wanne tumekwama, swali linaenda kwa mwalimu, hatulikokoti. Hilo lilitusaidia sana kwenye mechaniks, kuna siku tulikuwa wanne tumekosea kwa namna moja kwenye puli na tulikuwa tunakaribia kukubaliana na kosa, kitu kibaya kuliko kutojua. Dalili yake ni hii: wote mna jibu moja, halilingani na la kitabu, na mnaanza kusema kitabu kimekosea. Mara chache kitabu kinakosea kweli, lakini usiamue hilo kwenye grupu.

Mambo ya nje hatukuyakataza, jameni watu ni marafiki. Tuliweka karatasi moja mezani, mtu akikumbuka mpira au fomu za chuo au hata topiki nyingine ya hesabu anaiandika hapo, tunaifungua tukimaliza. Hiyo ya topiki nyingine ndiyo hatari kuliko mpira, juu inafanana na kusoma. Uko kwenye probabiliti, mtu anasema "na ile ya namba changamani je?", nusu saa imeenda na hakuna lililofungwa. Na rolekisi ikahamia saa tisa na nusu, baada ya kazi.

Kitu kilichobaki ni Jumatano. Kila aliyeleta swali anapewa lingine linalofanana nalo alifanye peke yake, kitabu kimefungwa. Mimi nilipewa hili: balbu 10, mbovu 3, zinatolewa mbili bila kurudisha, ya pili ni nzima, probabiliti ya ya kwanza kuwa mbovu? Ya pili nzima ni 7 × 9, 63. Ya kwanza mbovu na ya pili nzima ni 3 × 7, 21. Basi 21/63, theluthi moja. Nikilipata, naifuta ile K. Nikilikosa, K inabaki na Jumamosi inarudi. Kwenye daftari langu, kati ya maswali matatu ya wiki tulikuwa tunayapata mawili Jumatano, wiki nyingine yote matatu.

Mwezi wa kumi niliwaambia wenzangu nitakuwa nakuja mara moja kwa wiki mbili. Wakati huo makosa yangu mengi yalikuwa H, nilikuwa namaliza sekshen A nikiwa nimechelewa, na mwendo unaujenga ukikaa na karatasi nzima masaa matatu peke yako, simu imezimwa. Dada akaniambia hata yeye K zake zimepungua. Tukakubaliana kila mtu afanye karatasi ileile kwake, kisha tukutane kusahihishiana, mimi nashika yake yeye anashika yangu, na pale tulipotofautiana tu ndipo tunafungua mdomo.